Mtaro Mmoja, Serikali Tatu

Nchi yetu ni nzuri mno, kwa hiyo sitaitaja jina. Msomaji asihangaike kuitafuta, wala asianze kunong'ona kwamba anaifahamu, kwa maana mambo yaliyotokea kwetu hayawezi kutokea penginepo. Sisi tuna Wizara ya Ulinganisho, na mimi ni mmoja wa wananchi wanaoishukuru. Kabla ya wizara hiyo tuliishi tu, hatujui kama tunaishi vizuri kuliko nani.

Mji wetu unaitwa Mserereko, nao umekaa kwenye mteremko kama jina lake linavyosema. Juu kuna soko na nyumba za mawe. Katikati kuna maduka, stendi na uwanja wa mpira. Chini, pale mteremko unapochoka, kuna vibanda, bustani za mchicha na zahanati ya wazazi. Mtaro mmoja mkubwa unapita pote, kutoka juu hadi chini, na maji ya mji mzima hayana njia nyingine.

Zamani, kabla hatujalinganishwa, mtaro huo tuliuzibua wenyewe. Ngurumo ya kwanza ya masika ikisikika, mbiu ililia, kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Tulikuwa na desturi moja ambayo wageni waliiona ya ajabu: tulianza kuchimba chini, kwenye zahanati, tukapanda taratibu mpaka sokoni. Watu wa juu walichimba mtaro wa watu wa chini kwanza, ndipo wakafika kwao. Wazee walisema mtu wa juu akianza kwake, akimaliza ataona kiu na kwenda nyumbani. Na tope tulilolitoa halikutupwa ovyo. Nyumba isiyotoa mtu lilimwagwa mlangoni pake. Hakuna aliyetukanwa wala kutozwa kitu. Asubuhi unafungua mlango, unakuta tope limekufikia kiunoni, unaelewa.

Basi wakaja wataalamu.

*

Aliyewaongoza ni Profesa Ladislaus Ndimbwa, mtu mpole mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia wananchi. Alikusanya mji uwanjani, akatueleza kwamba dunia nzima inabishana juu ya namna ya kuongoza miji, na kwamba Wizara imeamua kuumaliza ubishi huo hapa kwetu.

Alisema kuna njia tatu. Kuna miji inayoongozwa na kamati: madiwani wote wanagawana kazi, kamati hii afya, ile ujenzi, ile fedha, na hakuna mkubwa anayeamua peke yake. Kuna miji yenye meya mwenye nguvu: wananchi wanamchagua moja kwa moja, yeye anaandaa bajeti, anateua na kufukuza wakuu wa idara, na akichukizwa na azimio la madiwani analipigia kura ya turufu. Na kuna miji ya meneja: madiwani wanachaguliwa, wanaweka sera na kupitisha bajeti, kisha wanaajiri mtaalamu kwa mkataba aendeshe kazi zote. Meya wa mji wa namna hiyo yupo wa kukata utepe na kusimamia vikao.

"Ipi inawajibika zaidi kwa mwananchi, na ipi ina ufanisi zaidi?" aliuliza Profesa. "Hatutabishana tena. Tutapima."

Mserereko ukagawanywa sehemu tatu kwa kamba ya manila. Juu wakapewa kamati, Kati wakapewa meya, Chini wakapewa meneja. Kila sehemu ikawa mji kamili wenye muhuri wake. Mzee mmoja akauliza mtaro nao utagawanywaje, Profesa akajibu kwamba hilo ndilo jambo zuri lenyewe: mtaro ni mmoja, mvua ni moja, tofauti itakuwa ni uongozi tu. Tukapiga makofi. Ni raha kuona mtu msomi amefurahi.

Kisha akapiga marufuku mbiu. Watu wakichimba wenyewe, alisema, utafiti utaharibika, maana haitajulikana kama mtaro umezibuliwa na mfumo upi. Pembe ya mbiu ikachukuliwa ikahifadhiwa Wizarani, kwenye kabati la kioo.

*

Mkunga wa zahanati ya Chini ni Bi Tunu Kilemile, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa. Nusu ya mji imepita katika mikono hiyo, na mimi ni mmoja wao. Zahanati yake iko kwenye kona ya mtaro, mahali ambapo maji yakija kwa haraka hayapindi. Hilo alilijua kila mtu. Mtaro ulikuwa umejaa mchanga na magugu tangu juu mpaka chini, na mwaka ulikuwa unageuka.

Pale zahanati alikuwapo msichana aliyeitwa Chausiku, muuza maandazi wa stendi, mwenye mimba ya kwanza. Hakuwa na mama wala shangazi, mume wake yuko migodini. Alikuwa akija hata siku zisizo za kliniki, anakaa kwenye benchi, anamsaidia Bi Tunu kukunja mashuka. Siku moja akamuuliza kama ni kweli maji yaliwahi kuingia humo ndani.

"Yaliwahi, kabla sijazaliwa," Bi Tunu alimwambia. "Wewe usijali, mwanangu. Siku yako ikifika patakuwa pakavu. Nakuahidi."

Hiyo ahadi ndiyo iliyomtoa Bi Tunu nje. Alijifunga khanga, akapanda mlima kwenda kudai mtaro.

*

Alianza Juu, kwa kamati, kwa kuwa ndiko maji yanakoanzia. Nasema kweli, hakuna mahali alikopokewa kwa heshima kama pale. Alipewa kiti na chai. Kamati ya Afya ilimsikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, diwani wa chama tawala na wa upinzani wakaandika pamoja, na wote wakakubaliana naye. Tatizo lilikuwa kwamba mtaro si afya. Mtaro ni ujenzi. Wakampeleka Kamati ya Ujenzi kwa pendekezo zuri sana.

Mwenyekiti wa Ujenzi alikuwa Athanas Mbuguni, mwalimu mstaafu, mtu mwadilifu ambaye hajawahi kula hata karanga ya umma. Bi Tunu alimwomba atoe amri vijana wa halmashauri waanze kuzibua. Mzee Mbuguni akacheka kwa huzuni. Alimweleza kwamba mwenyekiti wa kamati haamuru mtu. Anaendesha kikao, na kura zikilingana anaongeza yake, basi. Mhandisi naye anatekeleza lililoamuliwa na kamati nzima, tena lenye gharama lazima lipite Fedha, kisha baraza lote la madiwani lithibitishe.

Kamati ya Ujenzi ilijadili kwa kina. Diwani mmoja wa upinzani, mwanamke mkali aliyeitwa Fausta, akasimama akasema kwamba wakizibua huku juu kabla huko chini hakujapanuliwa, maji yatashuka kwa kishindo. Ilikuwa hoja ya maana, na katika mfumo wa meya pengine isingesikika kabisa. Hapa ilisikika. Ikaandikwa kwenye muhtasari kwamba hoja hiyo imezingatiwa. Lakini Chini si eneo lao, hawana mamlaka ya kulijadili, wakaendelea.

Fedha wakauliza kama Afya wameridhia. Afya walikuwa wameridhia, ila kikao chao kijacho kilikuwa mwisho wa robo mwaka. Kilipofika, akidi haikutimia kwa sababu ya msiba wa diwani. Jambo likahamia robo inayofuata. Hakuna aliyelikataa, na ningependa msomaji alikumbuke hilo. Bi Tunu alizunguka vyumba vyote akimtafuta mtu mmoja wa kumlaumu, akakosa. Kila mlango alikuta watu wema wanaomuunga mkono.

*

Akateremka Kati, kwa Meya Hamduni Chokaa.

Meya Hamduni hakumweka kwenye foleni. Alimsikiliza amesimama, akampa soda, akachukua simu, na kabla soda haijaisha greda lilikuwa limewashwa. Bi Tunu alitokwa na machozi. Alituambia baadaye kwamba siku ile alielewa kwa nini watu wanapenda mtu mmoja mwenye nguvu.

"Mama yangu," Meya alimwambia, "huko juu wana mabaraza. Mimi nina wapiga kura. Mtaro ukiziba, wananijua kwa jina. Ukizibuka, wananijua kwa jina pia."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli kabisa, na humo ndimo ilimokuwa nguvu ya mfumo wake. Katika wiki chache mtaro wa Kati ulichimbwa, ukanyooshwa, ukasakafiwa kwa zege laini kama sinia. Picha ya Meya akicheka iliwekwa kwenye kila kalavati. Watu wa stendi, waliozoea kupita kwenye maji machafu, walicheza ngoma barabarani.

Palikuwa na usumbufu mdogo tu. Mkuu wa idara ya ujenzi, mhandisi wa miaka mingi, alimwendea Meya akamwambia kwamba mtaro ulionyooka na laini unayarusha maji kama mshale, na kule Chini utakutana na mtaro mwembamba wa udongo wenye kona. Akaomba wasubiri Chini wapanue kwanza. Meya alimsikiliza pia amesimama. Jioni ile ile mhandisi akapewa barua ya shukrani, na idara ikapewa bwana mmoja aliyekuwa akipiga ngoma kwenye kampeni. Sheria ilimruhusu: wakuu wa idara ni watu wa meya.

Madiwani wa Kati nao hawakulala. Walipitisha azimio kwamba hakuna mtaro utakaonyooshwa bila kushauriana na mji wa chini yake. Meya akalipigia kura ya turufu. Ili kuivunja turufu ilihitajika theluthi mbili ya baraza, nao wakapungukiwa mtu mmoja. Huyo mmoja alikuwa kwenye uzinduzi wa barabara ya mtaani kwake, ambayo asubuhi yake haikuwa kwenye bajeti.

Bi Tunu alirudi kwa Meya, sasa akiogopa. Akamuuliza: maji haya yote, baba, yanakwenda wapi? Meya akamjibu bila hasira kwamba anawajibika kwa kila mtu aliyempigia kura, na yuko tayari kuhukumiwa nao siku ya uchaguzi. Watu wa Chini hawampigii kura.

*

Kwa hiyo akarudi nyumbani Chini, kwa Meneja.

Meneja wa Mji aliitwa Edwina Mshigeni. Alikuwa ameajiriwa kwa usaili, si kwa undugu, na ofisi yake ilifanya kazi kuliko zote. Taka zilizolewa siku iliyotangazwa. Wafanyakazi waliajiriwa kwa vyeti. Ukipeleka malalamiko asubuhi, jioni umejibiwa. Bi Tunu alipoanza kueleza, Edwina alimkamilishia sentensi. Alikuwa na mchoro wa mtaro ukutani, kona ya zahanati imezungushiwa wino mwekundu. Alijua kwamba lazima mtaro wa Chini upanuliwe na ukuta ujengwe, na alijua ni lazima hayo yatangulie kazi ya huko juu.

Bi Tunu akamuuliza kwa nini basi hajengi.

Edwina alimweleza kama daktari anavyomweleza mgonjwa. Aliupeleka ukuta barazani ukiwa na njia tatu za kuujenga, ghali, ya kati na rahisi. Ila madiwani ndio wenye sera na bajeti, na madiwani hawa walichaguliwa kwa ahadi moja tu, kwamba ushuru hautapanda. Wakachagua njia ya nne, ambayo hakuipendekeza: kufikiria mwakani. Yeye kazi yake ni kutekeleza. Hawezi kupanda jukwaani kuwapinga, hawezi kuwaambia wananchi wapige kura vipi. Siku atakayofanya siasa, mkataba wake umekwisha, na kwa haki.

Bi Tunu akamwendea diwani wake, kijana mwenye huruma. Yule diwani akaingia bohari ya mji akiwa na nia ya kuchukua angalau vibarua na majembe, wakasafishe kona ya zahanati. Akazuiwa mlangoni. Diwani haruhusiwi kumwamuru mfanyakazi yeyote wa mji. Anaongea na Meneja peke yake, na Meneja anatekeleza yaliyopitishwa na baraza. Kanuni hiyo iliwekwa ili madiwani wasitume magari ya umma kwenye harusi zao, nayo ni kanuni nzuri.

Akarudi kwa Edwina, akamwomba jambo dogo: azungumze na Meya wa Kati, awaombe watu wa Juu wangoje. Edwina akainamisha kichwa. Makubaliano na mji mwingine ni sera. Sera ni ya baraza.

Bi Tunu alitoka pale, akakaa kwenye benchi la zahanati pamoja na Chausiku. Juu palikuwa na watu waliokubali ila hawawezi mmoja mmoja. Kati palikuwa na mtu aliyeweza ila hakuwa wa kwao. Hapa Chini mwenye kujua hakuchaguliwa, na waliochaguliwa hawakutaka kujua. Chausiku alikuwa akikunja shuka.

Bi Tunu alifikiria kuipiga mbiu kwa mdomo wake mwenyewe. Alikwenda mpaka kwa Profesa kuomba ruhusa. Profesa alimsihi kwa upole mkubwa asivuruge jambo ambalo taifa zima linalisubiri. Naye alitii. Mimi pia nilitii. Sote tulitii, na sijui kama kuna kitu kinachoniuma kuliko hicho.

*

Mambo yakatengemaa ghafla, kama yanavyofanya yakiwa mabaya.

Baraza la Juu, baada ya kupitia kila kamati, lilithibitisha uzibuaji wa mtaro kwa kauli moja. Nasema tena, kwa kauli moja, jambo ambalo Kati hawajawahi kulipata. Na kazi waliyoifanya ilikuwa safi kuliko zote, kwa sababu kila mtaalamu alikuwa ameitazama na kila chama kiliisimamia. Mchanga ulitolewa wote. Magugu yaling'olewa na mizizi yake. Walimaliza Jumatano. Mzee Mbuguni alisimama juu ya kalavati akatazama mtaro mweupe unavyoteremka, akafuta jasho, akasema miaka yake ya ualimu haikumpa furaha kama ile.

Alhamisi mchana masika yaliingia.

Kwa mara ya kwanza tangu mji ujengwe, soko la Juu halikupata hata dimbwi. Maji yalipita kama yalivyopangiwa na kamati. Yakaingia Kati, kwenye zege la Meya, na pale yakapata mbio. Watu wa stendi walisimama ukingoni wakishangilia kasi yake. Hata mimi nilikuwa hapo, nikashangilia. Kisha mtu mmoja akauliza yanaishia wapi, tukaanza kukimbia kuteremka.

Chausiku alikuwa amejifungua asubuhi ile. Mtoto wa kike, mwenye sauti kubwa. Maji yalifika kwenye kona, hayakupinda, yakaingia na ukuta. Bi Tunu alikuwa na mtoto mkononi, anamfunga kitovu dirishani penye mwanga. Aligeuka kumshika mama. Alituambia kwamba aliushika mkono, kwamba aliushika kabisa, na kwamba mikono yake haijawahi kuponyokwa na mtu.

Tulimkuta Chausiku kwenye bustani za mchicha, maji yalipopungua. Sitaeleza zaidi.

*

Wizara ilifika mapema sana, hilo ni la kupongezwa, na tathmini ikaanza.

Profesa Ndimbwa alianza na Juu. Aliwauliza nani anawajibika. Walisimama wote, kila diwani wa kila chama, wakasema ni sisi. Profesa aliguswa sana. Uwajibikaji wa pamoja, alisema, ni uwajibikaji mkubwa kuliko wa mtu mmoja, kwa kuwa umeenea. Ulikuwa umeenea kiasi kwamba hata pale ulipokuwa na kina zaidi haukufika kwenye kifundo cha mguu. Fausta akadai isomwe hoja yake. Ikasomwa. Ikathibitika kwamba ilizingatiwa.

Kati, Meya Hamduni hakujificha. Alisimama jukwaani akatamka: "Mtaro huu nimejenga mimi. Mwenye swali aniulize mimi." Hakuna meneja wala kamati inayoweza kusema hivyo, na Profesa aliandika kwa haraka. Uchaguzi ukaja, Meya akarudishwa kwa kura nyingi kuliko mwanzo. Wapiga kura wake walikuwa wamemhukumu kwa haki. Nyumba zao zilikuwa kavu.

Chini, baraza la madiwani liliketi kwa dharura, likamfukuza Meneja kwa kura za wengi. Haikuhitaji uchaguzi wala kesi, mkataba unaruhusu wakati wowote. Profesa alisifu kasi hiyo, maana meya mbaya unamngoja miaka, kamati mbaya humjui wa kumtoa, lakini meneja anaondoka kabla ya chakula cha mchana. Madiwani wenyewe walibaki, kwa kuwa walitimiza ahadi yao: ushuru haukupanda. Wakaajiri meneja mwingine, naye wiki ya kwanza akapeleka barazani pendekezo la ukuta, likiwa na njia tatu.

Edwina alipita kwenye vifusi vya zahanati akiwa na begi lake. Bi Tunu alikuwa amekaa kwenye tofali, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama," Edwina alisema. Kisha akaliweka begi chini. "Nilijua, Bi Tunu. Nilijua kila kitu."

"Najua ulijua, mwanangu," Bi Tunu alimjibu. "Mngekuwa wajinga ningewasamehe."

Matokeo yakatangazwa uwanjani. Mifumo yote mitatu ilikuwa imefaulu. Kila mmoja ulifanya barabara kile ulichoundwa kukifanya, na mshindi hakupatikana. Kwa hiyo Wizara iliamua jaribio lirudiwe masika yajayo. Zahanati itajengwa upya kwa gharama ya serikali, mahali pale pale kwenye kona, kwa ukuta ule ule na mlango ule ule. Diwani kijana akauliza kwa nini isisogezwe hata kidogo. Profesa alivua miwani ya kututazamia, akavaa ya kusomea. Ikisogezwa, alieleza, matokeo hayatalinganishika.

*

Zahanati ikajengwa. Walikumbuka hata benchi.

Mwaka ukageuka. Juu kamati zilikuwa zikijadili kama mchanga mpya ni afya au ujenzi. Kati Meya alikuwa akipanua zege. Chini baraza lilikuwa likifikiria mwakani. Wanawake wenye mimba walikuja wakakaa kwenye benchi, kwa sababu watoto hawangoji tathmini.

Siku moja asubuhi ngurumo ya kwanza ilisikika, mbali, nyuma ya mlima. Hakuna mbiu iliyolia. Pembe ilikuwa kwenye kioo Wizarani. Bi Tunu alitoka nje, mtoto wa Chausiku mgongoni, jembe mkononi, akaingia mtaroni kwenye kona na kuanza kuchimba.

Hakumwita mtu. Lakini mbiu ni masikio ya anayesikia, na kishindo cha jembe kwenye mchanga sote tunakifahamu. Alitoka mwenye bustani ya mchicha. Wakatoka vibarua wa bohari, bila kuamriwa na diwani wala Meneja. Kisha nikaona wa Kati wanateremka, wale waliocheza ngoma, hawatazamani usoni. Mwisho akaja Mzee Mbuguni kutoka Juu, suruali ameikunja, jembe la bustani begani, na Fausta nyuma yake. Hakuna aliyeuliza akidi.

Profesa alifika akitweta. Alisimama ukingoni, akawauliza watu kama wanaelewa wanachokiharibu. Aliona tope linapakiwa kwenye mikokoteni, inapanda mlima, akauliza linapelekwa wapi. Akaambiwa mikokoteni miwili ni ya ofisi ya Meya, mmoja wa baraza la Chini. Wa nne ulikuwa wa nyumba ya wageni ya Wizara. Akashauriwa kwamba kama ana kitu ndani akitoe mapema.

Ndipo akamgeukia Bi Tunu. Nadhani hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kuelewa kilicho mbele yake, nacho hakikuwa kwenye vitabu vyake.

"Mama, hukuchaguliwa na mtu," alisema. "Huna mkataba. Huna kamati. Unawajibika kwa nani?"

Bi Tunu alisimamisha jembe. Alilegeza khanga, akamgeuza mtoto mbele ili Profesa amwone vizuri. Mtoto alikuwa na paji la uso la mama yake.

"Kwa huyu," alisema. "Akikua ataniuliza."

Bi Tunu alikaza tena khanga, akainama. Juu ya mlima mawingu yalikuwa yameshashuka mpaka kwenye mapaa ya soko, na tone la kwanza liliniangukia kwenye mkono niliokuwa nimeshikia jembe. Tulikuwa bado hatujafika Kati.